Safari Maneno 410, Ukweli Maneno 60

Wasee, mwaka jana niliandika onyesho la kijana anayerudi nyumbani kumwambia mamake kwamba ameacha chuo. Nilikuwa nimelipanga kwa aya moja, na aya yenyewe ilikuwa poa tu. Onyesho lililotoka ndani yake lilikuwa takataka. Leo nataka kuwaonyesha lilivyoharibika na nilivyolirekebisha, juu naona wengi wetu tunaharibikiwa mahali palepale.

Kwanza mjue kazi yangu. Hutengeneza hadithi za kusikiliza: naandika, nasoma kwa sauti, naweka picha chache, naposti. Kwa mwendo wangu wa kawaida, dakika moja hunitoka maneno kama 110. Nikitaka hadithi ya dakika tisa, najua natafuta maneno 1000 hivi. Watu wa filamu nao wana hesabu yao, kwamba ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri ni kama dakika moja kwa skrini. Chagua hesabu inayofaa kazi yako, lakini ichague kabla ya kuanza. Kama hujui urefu wa nguo, huwezi kujua kama mkono wa shati ni mrefu sana.

Mimi nilichagua maneno 1000. Aya yangu ilikuwa hii:

"Kijana anatoka Meru kwa matatu asubuhi, anapita Nkubu na Chuka, anavuka daraja la Thuci na kushuka Runyenjes, mkononi akiwa na viatu alivyomnunulia mama. Anachukua nduthi hadi nyumbani na kumkuta mama akichagua kahawa nyuma ya nyumba. Wanasalimiana, wanakunywa chai. Mama anamwambia ameuza ng'ombe kulipa karo ya muhula ujao. Kijana anamwambia aliacha chuo tangu Januari. Mama ananyamaza."

Nilikaa chini usiku mmoja nikaandika yote. Na niliipenda, sitawadanganya. Makanga wa matatu alikuwa na mdomo mtamu. Mvua ilinyesha Nkubu na dirisha halikufunga. Kulikuwa na mzee mwenye kuku kwa mfuko wa sukari, kichwa cha kuku nje. Chuka wauza ndizi walikimbilia dirisha. Nilikuwa nasoma peke yangu nikicheka.

Sauti ya mama kwenye hadithi zangu husomwa na anti mmoja anayeuza mitumba soko la Gakoromone, hapa Meru. Nikampelekea karatasi. Akasoma akiwa amekaa juu ya belo la nguo, akacheka pale kwa makanga, nikajua nimeua. Kisha akaanza kugeuza kurasa kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

"Kijana yangu," akaniambia, "mimi naingia wapi?"

"Ukurasa wa tatu, anti."

"Kurasa ziko ngapi?"

"Nne."

Akahesabu na kidole. "Umenipea mistari minne. Makanga ako na tisa. Sasa hii ni hadithi ya mama ama ya makanga?"

Nilirudi kwa nyumba nikiwa nimekasirika kidogo. Lakini niligawa karatasi kulingana na hatua sita za ile aya, nikahesabu maneno ya kila hatua. Safari: 410. Kufika nyumbani: 190. Salamu na chai: 170. Habari ya ng'ombe: 110. Kijana kukiri: 60. Kimya cha mama: 70. Jumla 1010. Kwa urefu nilikuwa nimelenga vizuri kabisa. Ila mtu akinisikiliza dakika tisa, karibu nne angekuwa ameketi kwa matatu, na ule ukweli uliompeleka kijana nyumbani ungepita kwa nusu dakika.

Hapo nikafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya. Nikahesabu maneno ya aya yenyewe. Aya ina maneno 55. Sentensi ya safari ina 23. Hiyo ni kama asilimia 42. Na safari yangu kwenye onyesho, 410 kati ya 1010, ilikuwa asilimia 41, karibu sawa kabisa. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilikuwa nimechukua aya na kuivuta pande zote sawasawa, kama mtu anayevuta picha ndogo kwa simu mpaka ijae skrini.

Na hapo ndipo kosa liko. Aya ya muhtasari inakuambia nini kinafuata nini. Haikuambii kipi ni kizito. Safari ilichukua nafasi kubwa kwenye aya kwa sababu ina majina mengi: Nkubu, Chuka, Thuci, Runyenjes. Majina yanakula maneno. Lakini "aliacha chuo tangu Januari" ni maneno manne tu, na ndiyo yanavunja nyumba. Vitu vizito mara nyingi vinaandikwa kwa ufupi kwenye muhtasari, kwa sababu mwandishi anavijua sana hadi haoni haja ya kuvieleza. Ama anaviogopa. Nitarudi hapo.

Kama unataka kuona mtu aliyejua kugawa, fungua Luka 15, ile ya mwana mpotevu. Wengi wetu tumeihubiriwa tangu tukiwa shule ya Jumapili lakini hatujawahi kuihesabu. Inaanza mstari wa 11 mpaka wa 32, mistari 22. Sasa kisa chenyewe ni cha kijana aliyekula mali na maisha ya anasa, si ndiyo? Sisi tungeweka sherehe hapo, muziki, marafiki, nyumba ya kupanga. Ile sehemu ya kusafiri mbali na kutapanya mali yote iko ndani ya mstari mmoja, wa 13. Mmoja! Yule ndugu mkubwa aliyekasirika nje akikataa kuingia amepewa minane, kuanzia wa 25 hadi mwisho. Kwa sababu hadithi haimuulizi mtu jinsi pesa ilivyoisha. Inauliza anapokelewaje akirudi, na nani atakataa kumpokea.

Kwa hivyo kabla ya kurefusha chochote, niliuliza kila hatua swali moja: hii ikitokea, nani hawezi kurudi alivyokuwa? Safari ikiisha, kijana bado anaweza kurudi Meru na matatu inayofuata, hakuna kitu kimebadilika. Akifika, vivyo hivyo. Wakinywa chai, vivyo hivyo. Mama akisema ameuza ng'ombe, hapo kitu kimetokea, juu ng'ombe hatarudi. Kijana akikiri, mama hawezi tena kuwa yule mama aliyekuwa na mtoto chuoni. Hizo mbili ndizo bawaba ya mlango. Zingine zote ni za kutufikisha mlangoni ama kutuonyesha mlango ukifunga.

Nikagawa upya maneno 1000. Safari 80. Kufika 120. Chai 100. Ng'ombe 250. Kukiri 300. Kimya 150. Niliandika namba hizo pembeni mwa aya kwa kalamu nyekundu. Ng'ombe na kukiri pamoja vilikuwa zaidi ya nusu.

Sasa shida mpya. Kukata safari kutoka 410 hadi 80 kunauma lakini si kugumu. Ugumu uko kwa kukiri. Kijana anasema "Mama, niliacha chuo", basi, imeisha. Unatoa wapi maneno 300?

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la aibu. Nilijaza. Moyo ulidunda, jasho likatoka, koo likakauka, macho yakajaa machozi, jua likazama nyuma ya migomba. Nikafika 300 bila wasiwasi. Lakini nina njia ya kutambua maneno ya kujaza: funika aya moja na mkono, kisha soma kinachofuata. Kama hakuna kitu kilichopoteza maana, hiyo aya ilikuwa imekuja tu kukaa. Nilifunika jua na migomba, nikafunika jasho, nikafunika koo. Hakuna kilichoanguka.

Kinachorefusha hatua kihalali ni kujaribu na kushindwa. Mtu anataka kusema kitu, na kuna sababu ya kweli inayomzuia. Anajaribu tena kwa njia nyingine, na safari hii kujaribu kunamgharimu zaidi. Kwa hivyo niliacha kujiuliza kijana anahisi nini, nikaanza kuuliza: anajaribu mara ngapi, na kila mara nini kinamziba? Nikapata mara tatu. Na kile kilichomziba mara ya kwanza kilikuwa mbele yangu tayari, kazi ya mama.

Kwa wale hawajakulia kwa kahawa: ikishachumwa lazima ichaguliwe, nyekundu zilizoiva upande huu, za kijani na zilizoharibika upande ule. Zile mbivu zinapelekwa kiwanda cha ushirika siku hiyohiyo, juu zikilala zinaanza kuharibika. Zile zingine mtu anaweza kuzikausha ziuzwe kama mbuni, kwa bei ya chini. Kiwanda kina saa yake ya kupima. Ukichelewa, shauri yako. Kwa hivyo mama anayechagua kahawa jioni hana wakati wa kukaa kukutazama usoni. Hiyo ni saa inayotembea ndani ya onyesho bila mimi kuandika neno "saa".

Hiki hapa kipande cha kukiri kama kilivyotoka baadaye:

"Mama," kijana akasema, "kuhusu hiyo karo..."

"Shika gunia hapa."

Akashika. Mama akamimina debe la mwisho kwenye gunia lililotandazwa, kahawa zikaviringika hadi miguuni pake. Akaketi tena kwa kigoda.

"Karo imefanya nini?"

"Mambo ya chuo hayaendi vizuri."

Mama akamwangalia mara moja, akarudi kwa kahawa. "Umefeli mtihani? Utarudia. Hata binamu yako alirudia, na saa hii ni mwalimu."

Hapo angeweza kusema ndiyo. Angekula, angelala, na kesho angerudi Meru na pesa ya ng'ombe mfukoni.

"Sijafeli, Mama. Sikufanya mtihani."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana. Niliacha. Tangu Januari siendi."

Mkononi mwa mama mlikuwa na kahawa tatu, mbili nyekundu na moja ya kijani. Alizitazama kama mtu aliyesahau ipi huenda wapi.

Angalia kilichotokea. Mara ya kwanza anazibwa na kazi. Mara ya pili anasema nusu ya ukweli, na mama mwenyewe anamfungulia mlango wa kutokea: umefeli, utarudia. Hiyo huruma ndiyo kikwazo kikubwa kuliko ukali. Mara ya tatu lazima akatae msaada wa mama ili aseme kweli. Hakuna machozi hapo, na bado urefu umepatikana.

Lakini ule mlango wa kutokea una bei tu kama msikilizaji anajua ng'ombe alikuwa nani. Ndiyo maana kukiri hakuwezi kurefushwa peke yake. Kwenye nakala ya kwanza mama alisema tu "nimeuza ng'ombe" na tukaendelea, kwa hivyo hata ningeandika kukiri kwa maneno 600, pesa mfukoni isingemuuma mtu. Uzito wa hatua ya tano unajengwa kwenye ya nne.

Na ya nne nayo ilijengwa na chai. Nilikuwa nimepea chai maneno 170 ya salamu, habari ya majirani, nani ameoa, nani amezikwa. Nilipokuwa natafuta namna ya kufupisha, nikawaza: kama ng'ombe ameuzwa, maziwa yanatoka wapi? Hakuna. Basi mama anamletea kijana strungi. Nyumba ambayo siku zote chai ilikuwa nyeupe, leo ni rangi tu. Kijana anaona, haulizi. Kisha anaona kamba inaning'inia kwa nguzo ya boma bila kitu. Ndipo anauliza, na mama anajibu akiwa anajivunia, kwamba karo ya muhula ujao iko tayari, asiwe na wasiwasi. Chai ikashuka hadi maneno 60 na ikafanya kazi kubwa kuliko ilipokuwa 170. Nimegundua hatua ndogo hufupishwa vizuri ukiipa kitu kimoja kinachohitajika mbele. Hiyo strungi ikitolewa, ng'ombe hana njia ya kuingia.

Safari pia niliitafutia kitu kimoja. Makanga akaenda, mzee wa kuku akaenda, na kusema kweli huyo mzee bado nammisi. Nikabaki na hii:

Alipotoka Meru sentensi ilikuwa ndefu, na sababu tatu ndani yake. Nkubu akatoa sababu moja. Chuka akatoa ya pili. Matatu ilipovuka daraja la Thuci na kuingia Embu, alikuwa amebaki na maneno mawili tu, na hata hayo aliyasema midomo ikiwa imefungwa. Runyenjes akashuka, akapakata boksi la viatu kama mtoto, akaita nduthi.

Majina ya miji yamebaki yote. Lakini sasa hayapo kuonyesha kwamba naijua barabara. Kila mji unakata kipande cha sentensi, na tukifika nyumbani tunajua kijana amebeba maneno mawili mazito kuliko boksi.

Ikabaki hatua ya sita, kimya. Hapo nilikwama siku nne, na ndipo nikaelewa kwa nini nakala ya kwanza ilikaa kwa matatu muda wote ule.

Mimi mwenyewe niliacha chuo. Na nilimwambia mamangu kwa simu. Nilisema, nikasikia kimya, nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Sekunde arobaini hivi. Kwa hivyo sikuwahi kuona sura yake. Nilikuwa naandika onyesho ambalo nililikimbia kwenye maisha, na nilipofika mahali nilipokatia simu, sikuwa na kitu cha kuandika. Ndiyo maana safari ilikuwa tamu sana. Kwenye matatu nilikuwa salama.

Sasa hivi nikiona hatua ya aya imevimba, najiuliza kwanza hatua inayofuata ni ipi. Mara nyingi ndiyo ninayoikwepa.

Siku ya tano nikampigia. Tukaongea ya mvua, ya shosho, ya bei ya mbolea. Kisha nikauliza.

"Mama, ile siku nilikupigia kuhusu chuo, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachagua kahawa."

"Na nilipokata?"

"Nikaendelea. Kiwanda hakingoji mtu." Akanyamaza kidogo. "Lakini siku hiyo nilirudishwa. Waliniambia nimechanganya mbichi na mbivu, nikamwaga gunia lote nikachagua tena. Mimi, miaka yote hiyo, sijawahi kurudishwa."

Alikuwa anacheka akisema. Mimi sikucheka.

Nilitaka kuweka kiwanda kwenye hadithi: foleni, mizani, gunia likimwagwa chini mbele ya watu. Ni picha kali. Lakini kuhamisha watu kutoka nyuma ya nyumba hadi kiwandani ni onyesho lingine, lina kufika kwake na salamu zake, na lingenila maneno 300 baada ya mlango kufungwa. Nikachukua kitu kimoja tu kutoka kwa maneno ya mama. Kwenye hadithi, mama anaendelea kuchagua bila kusema chochote, lakini mkono wake unatupa za kijani kwenye rundo la nyekundu. Kijana anaona. Anasogea karibu, anaanza kuzitoa moja moja, na kuziweka zinapofaa. Hakuna anayeongea. Boksi la viatu liko pale, halijafunguliwa. Hapo ndipo nilipoachia.

Nilikuwa nimekipangia kimya 150, kikaisha kwa 120. Sikuongeza. Namba za kalamu nyekundu si sheria, ni za kukuonyesha ukipotea. Mwishoni hesabu ilikuwa hivi: safari 95, kufika 100, chai 60, ng'ombe 270, kukiri 340, kimya 120. Jumla 985. Kuna tofauti hapa na pale na mpango, lakini uzito umekaa mahali pake.

Kama huna nguvu ya kuhesabu kila hatua, kuna kipimo cha haraka. Tafuta katikati ya onyesho, neno la 500 kama ni 1000, uone watu wako wapi. Kwenye nakala yangu ya kwanza, katikati kijana alikuwa ndio anashuka nduthi, hata hajamsalimia mama. Kwenye ya mwisho, katikati mama anamalizia habari ya ng'ombe, na kijana ameshika kikombe cha strungi akijua lazima aseme. Hapo ukisikiliza huwezi kuzima simu.

Jambo la mwisho ni urefu ukibadilika. Baadaye niliitaka hadithi hiyohiyo ya dakika tatu, maneno 330. Nilijaribu kugawa kila hatua kwa tatu na ikawa vibaya: safari ya maneno 30, chai ya 20, kila kitu kimeguswa na hakuna kilichoshikwa. Onyesho fupi halitengenezwi kwa kupunguza kila hatua. Linatupa hatua nzima. Nilitupa safari yote na kufika kote, nikaanza kwa kikombe cha strungi na kamba tupu. Viatu navyo vikaenda, juu havikuwa na mahali pa kuingilia. Kijana akajaribu mara mbili badala ya tatu. Kukiri bado kulibaki na sehemu kubwa kuliko zingine.

Ukienda upande wa pili, useme unataka 3000, usivute kila kitu mara tatu pia. Kimya cha maneno 360 si kimya tena, ni kelele. Na majaribio ya kukiri hayawezi kuwa tisa, msikilizaji atamchoka kijana. Aya yangu ina bawaba moja, na naona ikifika 1500 hivi inaanza kuwa uji mwepesi. Kufika 3000 lazima aya yenyewe ipate kitu kipya. Kwa mfano dada mdogo arudi kutoka shule katikati ya kukiri, na wote wawili walazimike kujifanya hakuna kitu mpaka aende kuteka maji. Hapo kuna kikwazo kipya na deni jipya, kwa sababu hata huyo dada anasubiri karo. Kama huna kitu kama hicho, onyesho lako lina urefu wake, liachie hapo.

Nilimpelekea anti nakala ya pili palepale Gakoromone. Safari hii hakucheka mahali popote. Alisoma hadi mwisho, akarudisha karatasi, akauliza kama tunarekodi Jumamosi ama Jumapili baada ya kanisa.

Mamangu alisikiliza kwa simu ya shosho. Hakusema kama ni nzuri. Alisema strungi kwa wageni hawezi kuwapa, hata ng'ombe akiuzwa angekopa maziwa kwa jirani.

Ako sawa. Lakini hiyo sikuirekebisha.